Nyamafu Haigeuki Halali kwa Viungo

Jumapili iliyopita nilikuwa kwenye harambee ya kuezeka ukumbi wa mtaa. Mkandarasi mmoja wa hapa kwetu alipanda jukwaani na bahasha nene, akina mama wakapiga vigelegele. Nyuma yangu alikuwa ameketi fundi wa mawe ambaye mkandarasi huyohuyo hajamlipa kwa wiki sita. Naye alipiga makofi. Nilirudi nyumbani chakula hakishuki.

Kilichonijia moyoni ni wimbo wa Guru Nanak, mwanzilishi wa dini ya Masingasinga. Nilifundishwa na mzee Kalasinga aliyenipa kazi yangu ya kwanza ya useremala. Alikuwa akiuimba kwa sauti ya chini huku akipiga randa, na saa ya chai ananifasiria mstari mmojammoja. Umo ukurasa wa 141 wa Guru Granth Sahib, kitabu chao kitakatifu, na sisi Waswahili maneno yake mazito hatuhitaji kutafsiriwa, kwa kuwa Guru alisema hak, haram na halal. Ni maneno yetu yaleyale.

Anasema haki ya mwenzako, ukiila, kwa Mwislamu ni nguruwe na kwa Mhindu ni ng'ombe. Hakuifananisha na kosa dogo la kuombea msamaha jioni. Alichagua kile ambacho kila mmoja wao akikiona sahanini mwake angetapika, akasema ujira uliouzuia ni hicho. Kisha akaongeza kwamba kiongozi wako wa dini atakudhamini mbele ya Mungu ikiwa tu hukula nyamafu. Peponi hakuendwi kwa maneno, na ukitia viungo kwenye haramu haiwi halali.

Mzee alinieleza kwamba viungo hivyo ni maneno matamu. Mimi sasa naiona na bahasha humo. Iliki, mdalasini, kipaza sauti, jina kusomwa mara tatu: nyama ni ileile, ni wiki sita za mgongo wa mtu.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba bati litanunuliwa na watoto hawatanyeshewa. Lakini fundi naye ana watoto, na paa lao linavuja.

Watu wengi wanawajua Masingasinga kwa upande wa kutoa tu. Ukisafiri barabara ya Mombasa unapita Makindu, kwenye gurudwara, nyumba yao ya ibada, iliyojengwa 1926 kando ya reli, unakula langar, chakula cha wote, bila kuulizwa dini wala pesa. Halafu ndani ya gari mtu anasema, "Wanazo, ndiyo maana wanagawa." Maneno hayo huniudhi, kwa sababu wimbo mwingine wa Nanak, ukurasa wa 1245, umepanga mambo kwa utaratibu: anayekula jasho lake, kisha akatoa kitu kwa mkono wake, huyo ndiye aliyeitambua njia. Jasho limetangulia. Na neno lililotumika ni kichh, yaani kitu, chochote kile. Hakutaja kiasi. Mzee alikuwa akinionyesha kiganja chake chenye sugu akisema mkono unaotoa ni uleule ulioshika msumeno.

Mistari inayotangulia hapo ni mikali, na wanaopigwa ni watu wa dini. Yuko mulla mwenye njaa anayegeuza nyumba yake msikiti. Yuko mvivu anayetoboa masikio ili aitwe yogi. Yuko anayejiita guru na pir, yaani mwalimu wa dini, huku akizunguka kuomba, na huyo Nanak anasema usimguse miguu kabisa. Kwa hiyo kazi halali haikuwekwa kando ya ibada kama nyongeza. Ndiyo kipimo cha kumjulia anayejidai mtu wa Mungu.

Masimulizi yanasema kule Saidpur Nanak aliikataa karamu ya tajiri Malik Bhago akaenda kula kwa seremala Lalo. Hadithi ya karamu haimo kwenye nyimbo zenyewe, ila Lalo yumo: ukurasa wa 722 Guru anamwita kwa jina, anamlilia juu ya jeshi la mvamizi Babur lililokuja kudai zawadi kwa nguvu.

Kuhusu kulikumbuka Jina la Mungu, Namdev, mtunzi wa nyimbo za dini aliyekuwa mpiga chapa wa vitambaa, alishamaliza: mikono na miguu ifanye kazi, moyo ukae na Aliye Safi. Mzee wangu hakuwahi kuacha randa ili asali. Aliliita Jina huku ubao ukilainika.

Jumatatu nilimkuta yule fundi kibandani, nikamuuliza kwa nini alipiga makofi.

"Ndugu yangu," akaniambia, "alikuwa anatutazama. Ningekaa kimya angeniona."