Akaunti Mpya ya Muuzaji Haithibitishwi kwa Barua Pepe

Anayeagiza bidhaa China anaujua utaratibu: mara nyingi unalipa asilimia 30 kiwanda kianze kazi, kisha asilimia 70 mzigo ukiwa tayari, ndipo unakabidhiwa hati ya shehena. Wezi wanaujua pia. Ndiyo maana ujumbe wao wa kubadilisha akaunti ya malipo mara nyingi hauji mwanzoni mwa biashara, unakuja wakati wa salio, mteja akiwa na haraka ya kupata mzigo wake.

Chukua mfanyabiashara wa Kariakoo aliyeagiza vigae Foshan kwa dola 40,000. Ameshalipa 12,000. Ametumiwa picha za kontena, na kesho yake inaingia barua pepe: akaunti yetu ya kawaida iko kwenye ukaguzi, tafadhali lipa salio la dola 28,000 kwenye akaunti hii. Namba ya ankara ni yenyewe, kiasi ni chenyewe, na anaitwa kwa jina ambalo muuzaji huyo humwita siku zote. Ataachaje kuamini? Mwizi alishapata nenosiri la barua pepe ya mmoja wao, mnunuzi au muuzaji, akakaa kimya akisoma mazungumzo yote, pengine akaweka kanuni ya kujitumia nakala ya kila barua inayotaja malipo.

Ushauri unaotolewa kila mahali ni kukagua anwani. Ikague, kwa sababu herufi r na n zikikaa pamoja husomeka kama m, na wakati mwingine jina la mtumaji ni sahihi lakini jibu lako linaelekezwa kwingine. Ila mimi naona ushauri huo ukiishia hapo unaumiza watu. Kama sanduku la barua pepe la muuzaji ndilo lililoingiliwa, anwani itakuwa sahihi hadi herufi ya mwisho, na mhasibu aliyeikagua kwa makini atalipa akiwa na amani kabisa.

Ukaguzi unaonisaidia zaidi ni wa msimbo wa SWIFT, unaotambulisha benki inayopokea fedha. Herufi ya 5 na ya 6 hutaja nchi: CN ni China, HK ni Hong Kong, PL ni Poland. Kiwanda cha Foshan kinachotaka kulipwa Poland kina maswali ya kujibu. Hong Kong ni ngumu zaidi, maana wauzaji wengi halali wa China wana akaunti huko, kwa hiyo HK peke yake haithibitishi wizi wala haimsafishi mtu.

Jina la akaunti nalo lisikutulize. Evaldas Rimasauskas wa Lithuania alisajili Latvia kampuni yenye jina lile lile la Quanta Computer, mtengenezaji wa Taiwan, akafungua akaunti kwa jina hilo, kisha kati ya 2013 na 2015 akazilaghai Google na Facebook zaidi ya dola milioni 100 kwa ankara za uongo. Alihukumiwa miaka 5 jela mwaka 2019. Kampuni kubwa kiasi hicho zililipa, kwa sababu kwenye karatasi kila kitu kilifanana.

Kwa hiyo msimamo wangu hauna mlango wa nyuma: akaunti mpya hailipwi mpaka mtu wako apige simu mwenyewe. Apige namba iliyokuwepo kabla ya mabadiliko, ile ya kwenye proforma ya kwanza au ya WeChat mliyozungumza nayo kwa muda mrefu, kamwe si iliyo chini ya barua hiyo. Simu wanayokupigia wao haihesabiki. Na usimsomee namba ya akaunti ukamuuliza kama ni sahihi, maana mtu mwenye shughuli nyingi atasema ndiyo ili amalize. Mwambie akusomee yeye, tarakimu kwa tarakimu, wewe ukilinganisha na ulichonacho. Mimi huomba pia kuongea na mhasibu wao au mwenye kiwanda, kwa sababu kuna visa ambapo mfanyakazi wa mauzo wa kiwanda ndiye anayegeuza malipo yaende kwake, na simu yake itathibitisha kila neno. Muuzaji halali hakasiriki. Anayesisitiza kwamba simu haipatikani na malipo lazima yafanyike leo amekupa sababu ya kusubiri.

Ikiwa fedha zimeshatoka, nenda benki saa hiyo hiyo na nakala ya uthibitisho wa malipo wa SWIFT, uombe kwa maandishi malipo yasimamishwe na yarudishwe kwa sababu ya utapeli, kisha ripoti polisi na uipe benki namba ya kesi. Fedha zikiwa bado njiani, au zikiwa hazijatolewa kule zilikofika, kuna matumaini. Zikishatolewa kwenye akaunti, benki ya huko haina cha kukurudishia.