Cheti cha Jimu: Muulize Mtu wa Bima Kwanza

Vijana wa hapa Malindi wanaotaka kazi katika jimu za hoteli, mjini hadi Watamu, huniuliza kozi gani ni fupi. Nawasihi waanze kwingine: kampuni ya bima ya dhima ya kitaaluma, ile inayokukinga ukidaiwa fidia kwa kosa la kazini, inakubali cheti gani? Mgeni akiumia mgongo mikononi mwako, jambo la mapema kuulizwa ni kama umefuzu kufundisha zoezi lile.

Hapo ndipo wengi huumia. Kozi ya wikendi yenye alama ya CPD, yaani mafunzo endelevu ya kitaaluma, ni ya kumwongezea ujuzi mtu ambaye tayari ni mwalimu, haimfanyi mtu kuwa mwalimu. Vyeti vya ACE na NASM, mashirika ya Marekani yanayotoa vyeti vya wakufunzi, vina ithibati ya NCCA, chombo cha huko kinachokagua ubora wa vyeti, na vinajulikana sana, lakini mtihani wa ACE wa mkufunzi binafsi ni maswali 150 ya kuchagua jibu. Hakuna anayekutazama ukimfundisha mtu. Mfumo wa Uingereza, ngazi ya 2 kwa mwalimu wa jimu kisha ngazi ya 3 kwa mkufunzi binafsi, hukulazimisha kufundisha mbele ya mtahini. Kwa asiyewahi kufundisha, mimi nachagua huo bila kusita.

Chukua mfano huu wa mtihani wa vitendo. Umepewa mama wa miaka 48, na kwenye PAR-Q, fomu ya maswali ya afya inayojazwa kabla ya mazoezi, ameweka ndiyo penye swali la presha. Mtahiniwa aliyekariri mpango wake humpeleka moja kwa moja kwenye mashine, na hapo ameshaharibu. Mtahini anataka akae naye, amuulize anatumia dawa gani na daktari alisemaje, na kama hajaruhusiwa, asimfanyishe mazoezi.

Tuseme ameruhusiwa. Anachuchumaa na dambeli kifuani, magoti yanaingia ndani. Ukisimama mbele yake tu utayaona magoti, lakini mgongo unaopinda utakupita, kwa hiyo lazima uzunguke hadi ubavuni. Kisha mpe neno moja fupi, "sukuma magoti nje, mama," usubiri uone. Yakiendelea kuingia, punguza uzito au mpe benchi akalie na kuinuka. Kumrudishia maneno yaleyale kwa sauti kubwa si kurekebisha. Na akibana pumzi wakati wa kuinuka, mkumbushe apumue, maana kubana pumzi hupandisha presha ghafla.

Kabla hujalipa karo, iandikie kampuni ya bima barua pepe, utaje jina kamili la cheti, ngazi yake na kazi unazokusudia. Cheti cha ngazi ya 2 ni cha kufundisha watu wazima wenye afya njema. Wajawazito na wagonjwa wanahitaji mafunzo ya ziada, hivyo iulize bima kuhusu kila kundi kwa jina. Jibu lao lichapishe, ulipeleke kwa meneja pamoja na cheti cha huduma ya kwanza ambacho muda wake haujaisha.