Mazungumzo yaliyokatwakatwa bado yanaweza kuwa insha

Mhariri akirudisha hadithi na kuandika pembeni kwamba "wahusika wanaongea kama insha", waandishi wengi hukimbilia dawa moja: katiza sentensi, weka vistari, acha maneno yakielea. Dawa hiyo inafanya kazi, ila si kila mara. Wanaoipinga nao wana hoja nzito kuliko inavyodhaniwa.

Tuchukue mfano. Ndugu wawili, Zuhura na kaka yake Idi, wanabishana kuhusu kuuza nyumba ya marehemu baba yao. Rasimu ya kwanza inasema hivi:

"Kaka, si vizuri kuuza nyumba hii kwa sababu baba aliijenga kwa jasho lake na mama bado anaishi humu. Isitoshe, watoto wetu watakosa mahali pa kukutania."

"Naelewa hoja yako, Zuhura, lakini deni la hospitali bado halijalipwa, na wewe unaishi mbali, hivyo huoni mzigo ninaoubeba."

Maneno kama "isitoshe" na "naelewa hoja yako" yanasaliti insha mara moja, lakini ugonjwa wenyewe uko ndani zaidi. Kila mmoja anamweleza mwenzake jambo ambalo mwenzake analijua tayari. Zuhura hahitaji kumkumbusha Idi kwamba mama anaishi humo. Anayehitaji kuambiwa ni msomaji. Halafu kila mmoja anasubiri zamu, anasikiliza hadi mwisho, kisha anajibu hoja kwa hoja. Ugomvi wa ndugu hauendi hivyo.

Sasa tutumie dawa ya haraka:

"Kaka, nyumba hii baba aliijenga kwa—"

"Kwa jasho lake, najua. Lakini deni la hospitali—"

"Deni litasubiri! Mama anaishi—"

"Humu, ndiyo. Na wewe unaishi mbali..."

Ina mwendo, lakini ondoa vistari, unganisha vipande, na insha ya mwanzo inarudi karibu yote. Hata ikichukuliwa kama picha ya mazungumzo halisi, haiaminiki. Mwaka 1974 Harvey Sacks, Emanuel Schegloff na Gail Jefferson walichapisha uchunguzi wa namna watu wanavyopokezana zamu katika maongezi. Walionyesha kwamba kwa sehemu kubwa anaongea mtu mmoja kwa wakati, na kwamba sauti zinapogongana mgongano huo ni wa kawaida lakini mfupi. Msikilizaji hukisia sentensi ya mwenzake inaelekea kuishia wapi, ndiyo maana anaweza kuingia hapo hapo bila pengo. Kwa mwandishi, hii ina maana kwamba anayekatiza huwa amekwisha kukisia kinachokuja. Kama hakuna la kukisia, kistari ni pambo.

Kwa hiyo kabla ya kukata chochote, ningeuliza kila mmoja anataka nini katika dakika hii, hasa kile asichotaka kukisema. Tuseme Idi ameshapokea malipo ya awali kwa mnunuzi na anahitaji sahihi ya Zuhura kabla hajauliza maswali. Zuhura anahisi hivyo, lakini hathubutu kumtuhumu kaka yake moja kwa moja.

"Mama amekula?"

"Amelala. Karatasi iko hapo mezani."

"Saa hizi amelala?"

"Ni sahihi tu, Zuhura. Dakika moja."

"Yule mtu ameshakuja kuiona nyumba?"

"Mtu gani?"

"Kaka."

"Alipita. Juzi. Kuangalia tu."

"Akaangalia na chumba cha—"

"Nani kalipa hospitali? Wewe?"

Kuna katizo moja tu, nalo lina kazi. Idi anajua neno linalofuata ni "mama", na hataki lisikike. Kile kihusishi "cha" kimeachwa kikining'inia, kwa hiyo msomaji naye analikamilisha mwenyewe. Sarufi yetu inatubana hapa kwa namna yake. Kitenzi cha Kiswahili hubeba nafsi, wakati, ukanushi na mara nyingi mtendwa pia. Ukikata baada ya "sikumwuzia—" umeshafichua karibu kila kitu; kilichobaki ni nani na nini. Ukitaka kuficha, kata kabla ya kitenzi: "Yule mtu, mimi—". Kwa sababu hiyo hiyo "Alipita" peke yake ni sentensi kamili, si kipande. Mwandishi anayetafuta vipande kwa kufuta nafsi, kama inavyowezekana katika lugha nyingine, atahangaika bure. Vipande vyetu hutokea kwingine: "Juzi." "Kuangalia tu." Au jina la heshima likiwa jibu zima, kama "Kaka" hapo juu, ambalo limebeba lawama na adabu kwa pamoja.

Sauti nazo zimetengana bila kumpa yeyote kauli mbiu. Zuhura anauliza. Idi anapunguza: "tu", "dakika moja", "alipita". Akibanwa anageuka na kuuliza yeye, na lugha yake inalegea kutoka "amelala" hadi "kalipa". Ningependelea tofauti za aina hii kuliko njia rahisi ya kumfanya mmoja aape kila mstari na mwingine aongee kwa lafudhi iliyoandikwa kimatamshi. Alama hizo husaidia kwenye ukurasa wa kwanza, kufikia wa tano zinachosha, na mhusika wa lafudhi anageuka kichekesho hata pale hadithi inapotaka tumhurumie. Kipimo kizuri ni kufunika majina. Ukijua nani anaongea kwa namna anavyokwepa swali, na si kwa neno lake pendwa, umefaulu.

Lakini tumepoteza nini? Toleo la mwisho halisemi kwamba baba amefariki, wala halisemi nyumba ni ya nani. Habari hiyo lazima ikae mahali: katika usimulizi, katika tukio lililotangulia, au katika ile karatasi yenyewe Zuhura akiisoma. Katika riwaya hilo si tatizo. Katika mchezo wa redio ni tatizo kubwa, kwa sababu hakuna msimulizi wa kutegemea, msikilizaji hawezi kurudi nyuma, na sauti mbili zikipandana neno muhimu hufa. Mwandishi wa redio anayetaja majina mara nyingi na kuacha sentensi zifike mwisho anaijua kazi yake, na akishauriwa avunje kila kauli atapotoshwa.

Hoja ya pili ya wapinzani ni ya kisanaa. Kiswahili kina ngonjera na mashairi ya majibizano, ambamo hoja hupangwa kikamilifu na mjibuji husubiri, na utamu uko hapo hapo. Wapo pia watu wanaoongea kwa aya: wakili, mhubiri, mtu aliyefanya mazoezi ya maneno yake kwa muda mrefu. Kama Zuhura angekuja na hotuba aliyoitunga njiani, akaisema yote na "isitoshe" zake, huku Idi akimjibu kwa neno moja moja, ile aya ya rasimu ya kwanza ingekuwa hai bila kuguswa. Ingekuwa sauti yake, kwa kuwa Idi haongei vile.

Hapo ndipo ninapoona wapinzani wana haki zaidi: sentensi ndefu na kamili ni kosa pale tu wahusika wote wanapoimiliki sawasawa. Wasipokuwa na haki ni pale wanapoutumia utamaduni wa majibizano kutetea ndugu wawili jikoni wanaosomeana taarifa. Malenga wa ngonjera wanashindana mbele ya hadhira na wote wanajua hivyo. Idi na Zuhura hawana hadhira. Wana karatasi moja na mama aliyelala, au labda hajalala.