Mtaliano na mkato wake

Mimi nimeanza kuuza nyanya kabla simu hazijajua kupiga picha. Mteja alikuwa anakuja mwenyewe, anaziminya, ananuna, analipa. Siku hizi anakaa jikoni kwake, anaandika karatasi, anaipiga picha, anakurushia. Na kwetu hapa Malindi, karatasi yenyewe ni ya Kitaliano.

Juzi simu ikalia alfajiri. Picha imelala ubavu, na kioo changu kina ufa wa toka Ramadhani. Nikainamisha shingo mpaka ikagoma kurudi. “Pomodori 12,500 kg.” Pomodori ni nyanya, hilo hata paka wa sokoni analijua. Lakini elfu kumi na mbili na mia tano? Nikakaa juu ya kreti. Tani kumi na mbili na nusu! Anapika au anajaza bwawa la kuogelea? Nikaanza kutafuta namba ya mwenye lori.

“Mama, hebu ngoja,” kijana wangu akasema, mdomo umejaa mahamri. Akaigeuza picha, akaivuta kwa vidole, akashuka mpaka chini. “Aglio 0,300. Hicho ni kitunguu saumu. Sasa niambie, kuna elfu inayoanza na sifuri?”

Sikumjibu. Mtoto niliyemfundisha kuhesabu kwa maharage!

“Basi mkato wao ndio nukta yetu. Nyanya ni kilo kumi na mbili na nusu. Saumu ni gramu mia tatu.”

Mimi huku nishaendelea na kazi. Nimeona “peperoni 3 kg”, nikajua pilipili, nikapima kilo tatu za pilipili mbuzi, na katika kujifuta jasho nikajipitisha mkono jichoni. Msiniulize zaidi. Nikiwa nalia hivyo, namsikia: “Mama, mbona pilipili zimeandikwa mara mbili? Hapa chini kuna peperoncini 0,100.”

Akampigia yule kijana anayeuza vinyago ufukweni, ambaye Kitaliano anakimwaga utadhani kazaliwa Napoli. Kumbe peperoni ni hoho! Pilipili kali ni hiyo peperoncini, gramu mia tu, kiganja kimoja. Kilo tatu zangu zikarudi kwenye beseni, moja moja, kwa jicho moja.

Mzigo ukapakiwa kwenye tuktuk, nikashusha pumzi. Nikasema bei hii naandika mwenyewe, sitaki msaada wa mtu. Nikaandika vizuri kwenye karatasi, nikaipiga picha, nikamtumia: “2,350.”

Pesa ikaingia hapohapo. Nikafurahi, nikamwonyesha kijana. Akaitazama simu, akanitazama mimi, akameza andazi.

“Mama, umelipwa shilingi tatu.”

“Tatu vipi?”

“Kwao umeandika mbili nukta thelathini na tano. Amekuongeza ya chai.”