Rejesho Dogo Leo, Mkupuo Mwishoni: Hesabu ya Mkopo wa Gari wa Miezi 36

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa Tanzania anayekopa shilingi 30,000,000 ili anunue pikapu ya kubebea mizigo. Riba ni asilimia 1.5 kwa mwezi juu ya salio linalobaki, na muda ni miezi 36. Mkataba wa kwanza unamaliza deni lote kwa marejesho yanayolingana, na hesabu yake inatoa shilingi 1,084,572 kila mwezi. Mkataba wa pili unaacha shilingi 10,000,000 zilipwe kwa mkupuo mwishoni, na hapo rejesho la mwezi linashuka hadi shilingi 873,048. Tofauti hiyo ya shilingi 211,524 kila mwezi ndiyo inayowavutia wengi, hivyo inafaa kuona inatoka wapi.

Kosa linalojirudia ni kutoa milioni 10 kwenye mkopo, kisha kukokotoa rejesho la milioni 20 zilizobaki, ambalo ni shilingi 723,048. Anayefanya hivyo anasahau kwamba milioni 10 alizoziahirisha ziko mikononi mwake tangu siku ya kwanza, na kwa hiyo zinadai riba yake ya shilingi 150,000 kila mwezi. Ukijumlisha kiasi hicho na 723,048 unapata 873,048 kamili. Kwa maneno mengine, mkopo huu ni mikopo miwili iliyofungwa pamoja: mmoja unapungua hadi kwisha, na mwingine unalipiwa riba tu huku wenyewe ukibaki palepale. Mkopaji akilipa 723,048 peke yake, riba isiyolipwa itajilimbikiza juu ya deni, na baada ya miezi 36 atadaiwa takriban shilingi 17,091,000 badala ya milioni 10.

Swali linaweza pia kugeuzwa. Mkopaji anajua kwamba biashara yake haimudu zaidi ya shilingi 800,000 kwa mwezi, na anataka kujua atabakiwa na deni gani. Hapo mkopo wote unakuzwa kwa riba ya miezi 36, kisha unatolewa marejesho yote, kila moja likiwa limekuzwa kwa miezi iliyobaki baada yake. Jibu ni shilingi 13,453,411. Katika Excel, mstari wa kwanza hapa chini unatoa rejesho na wa pili unatoa mkupuo:

```
=PMT(0.015, 36, -30000000, 10000000)
=FV(0.015, 36, 800000, -30000000)
```

Utetezi wa mkataba wa mkupuo si wa kupuuzwa. Gari linaloingiza fedha kidogo kidogo huhitaji nafasi ya kununua matairi na kulipa bima, na shilingi 211,524 kwa mwezi zinaweza kuamua kama biashara itapumua au itakwama. Tena, mwenye fedha inayokuja kwa tarehe inayojulikana, kama malipo ya mwisho ya mkataba wa ujenzi, hana sababu ya kujibana miaka mitatu kwa ajili ya deni ambalo tayari lina chanzo chake.

Gharama yake, hata hivyo, ni ya hakika. Riba yote katika mkataba wa kwanza ni takriban shilingi 9,045,000, na katika wa pili ni 11,430,000. Mkopaji akiweka kibubuni ile tofauti ya kila mwezi bila kuikosa hata mara moja, atakuwa na shilingi 7,614,864 tu, kwa sababu akiba hiyo ingefika milioni 10 iwapo tu ingezaa asilimia 1.5 kwa mwezi, na ni nadra akaunti ya akiba kulipa kiwango hicho. Asipoweka chochote akakopa upya milioni 10 kwa riba ileile kwa miezi 12, rejesho lake litakuwa takriban shilingi 916,800, yaani kubwa kuliko lile alilokuwa akilipa, na wakati huo pikapu imeshachakaa.

Kwangu mimi, hatari kubwa zaidi iko katikati ya safari. Baada ya miezi 24, salio la mkataba wa kwanza ni takriban shilingi 11,830,000, lakini la mkataba wa pili bado ni 17,887,000. Gari likipata ajali mbaya wakati huo na bima ikalipa thamani ya gari kuukuu, pengo linabaki mabegani mwa mkopaji. Ndiyo maana simshauri mtu achukue mkataba huu kwa tegemeo la kuuza gari lenyewe ili alipe mkupuo, isipokuwa mkupuo uwe mdogo waziwazi kuliko bei ambayo magari ya umri huo yanauzwa sokoni.

Tarehe ya mkupuo nayo isomwe vizuri. Ukiangukia siku moja na rejesho la 36, mkopaji anahitaji shilingi 10,873,048 siku hiyo. Ukiwekwa mwezi mmoja baadaye, unakuwa 10,150,000.