Onyo la umri likae kwenye boksi au kwenye tangazo?

“Kila mzazi anamjua mwanawe. Onyo liko kwenye boksi. Kwa nini nilirudie kwenye tangazo niwatishe wateja?”

Hoja hii ya wauzaji wa vichezeo mtandaoni ina uzito wake. Mshonaji wa midoli anayeuza kupitia Instagram hana maabara, na onyo likibandikwa kwenye kila kitu, mwishowe hakuna anayelisoma. Lakini hoja yenyewe inachukulia kwamba mnunuzi ataliona boksi kabla ya kulipa, na kwamba ataielewa namba ya umri “3+”, yaani miaka 3 na zaidi, ilivyokusudiwa.

Hilo la pili ndilo linalonisumbua zaidi. Namba hiyo husomwa kama kipimo cha akili: mwanangu ana miaka miwili lakini ni mwerevu, atakiweza. Kumbe akili haihusiki hata kidogo. Mtoto wa umri huo huchunguza vitu kwa kuvitia mdomoni, na njia yake ya hewa ni nyembamba. Ndiyo maana onyo la Marekani hutaja sababu kwanza, yaani hatari ya kupaliwa na vipande vidogo, ndipo hutaja umri. “3+” peke yake inaificha sababu hiyo.

Tuchukue gari la plastiki lenye dereva anayechomoka, na dereva huyo ana urefu wa milimita 30 na upana wa 18. Marekani hupima vipande vya namna hiyo kwa silinda ya kipenyo cha milimita 31.7, yenye kitako cha mshazari: upande mmoja kina ni milimita 25.4, upande wa pili 57.1. Kinachozama chote bila kubanwa ni kipande kidogo, na dereva huyu anazama. Gari hilo likiwa limekusudiwa watoto wa chini ya miaka 3, haliuzwi kabisa, hata libandikwe onyo. Likiwa la watoto wa miaka 3 hadi kabla ya 6, linauzwa kwa onyo kwenye kifungashio. Na sheria ya mwaka 2008 ikaongeza kwamba onyo liwepo pia kwenye tangazo la mtandaoni ambalo mtu anaweza kununulia papo hapo.

Wala muuzaji hajikingi kwa kuandika “3+” kwenye kayamba la mtoto mchanga. Kinachotazamwa ni kitu chenyewe kinamfaa nani.

Mshonaji naye ana njia isiyo na gharama. Jicho la kifungo kwenye mdoli wa mtoto wa miaka miwili hujaribiwa kwa kuvutwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 7. Uzi ukikatika, kifungo ni kipande kidogo. Akidarizi macho kwa uzi, hakuna cha kung'oka.

Mzigo ukitolewa kwenye boksi Kariakoo na kutumwa kwa bodaboda ndani ya mfuko, onyo hubaki dukani. Picha nayo haionyeshi ukubwa. Kwa hiyo onyo liandikwe kando ya bei, na yule dereva wa gari la plastiki apigwe picha akiwa amelazwa kwenye rula.