Milioni 20 zilizobaki kwenye mirathi ni za nani?

Huku Kilimanjaro raddi, yaani kilichobaki kwenye mirathi kurudishwa kwa warithi wenye mafungu, inatokea zaidi kuliko watu wanavyodhani, na sababu ni familia zetu zilivyo. Kawaida kwenye mirathi ya Kiislamu wenye mafungu, yaani warithi waliopangiwa sehemu maalumu, wakishachukua chao, kinachobaki kinaenda kwa asaba, yaani mtoto wa kiume, baba, kaka, baba mdogo, mtoto wa baba mdogo, hata awe wa mbali vipi ilimradi anaungana na marehemu kupitia wanaume watupu. Ukoo wa Kiislamu ukiwa mkubwa hukosi mtu hapo. Sasa njoo Moshi: mzee alisilimu peke yake enzi hizo, ndugu zake wote wakabaki Walutheri na Wakatoliki, mwanawe akifa baba wadogo wamejaa msibani lakini hawarithi kwa kuwa dini ni tofauti, kwenye hesabu ni kama hawapo (kama marehemu aliwataka wapate kitu angewaachia wasia, usiozidi theluthi).

Tuchukue mfano wa jamaa wa Majengo, mtoto pekee wa huyo mzee, babake keshafariki. Ameacha mke, mama na binti mmoja, wote Waislamu. Mazishi yamelipwa, madeni yamelipwa, imebaki milioni 96. Mke ana thumuni, yaani moja ya nane, milioni 12. Mama ana sudusi, yaani moja ya sita, milioni 16. Binti yuko peke yake kwa hiyo nusu, milioni 48. Jumla 76, milioni 20 ziko mezani hazina mwenyewe, na hapo ndo vituko vinapoanza, mmoja anasema zipelekwe msikitini, mwingine wagawane sawa watatu, mwingine basi apewe mjane maana ndo alimuuguza.

Wa msikitini hakosi kabisa pa kuegemea. Sahaba Zayd bin Thabit alikuwa haoni raddi, kilichobaki ni cha Baitul-mali, yaani hazina ya Waislamu wote, na Imamu Shafi mwenyewe alifuata hapo, nasi wengi huku ni Mashafi. Ila Mashafi waliokuja baadaye wakasema hiyo ni pale Baitul-mali inapokuwepo na imenyooka, kama haijanyooka basi zirudishwe kwa warithi. Sasa mimi nauliza, Baitul-mali iliyonyooka hapa mjini iko wapi? Kamati ya ujenzi wa msikiti sio Baitul-mali jamani, hata kama ina mhuri na kitabu cha risiti.

Kwa hiyo zinarudi, lakini kwa mama na binti tu. Mke hapati raddi, na mume vilevile. Wanaorudisha wanashika aya ya mwisho ya Suratul-Anfal inayosema wenye uhusiano wa damu wana haki zaidi wao kwa wao, na mke kaingia kwa ndoa, sio kwa damu. Ipo kauli inanukuliwa kwa Sayyidna Uthman kwamba hata wanandoa warudishiwe, ila wengi hawakuifuata, na mimi naona walio wengi wana hoja.

Hesabu yenyewe sio ngumu. Mtoe mke kwanza na milioni 12 zake, zinabaki 84. Mama na binti wanasimama sudusi kwa nusu, ambayo ni moja kwa tatu, kwa hiyo 84 unaigawa mafungu manne, mama 21, binti 63. Ukitaka kujua kama mtu kakosea mwangalie mke tu: akitoka na zaidi ya 12 ujue kaingizwa kwenye raddi. Na ukiona mama na binti wameongezewa milioni 10 kila mmoja, huyo kagawa sawa, sio raddi hiyo, maana ile 20 ilitakiwa iende 5 kwa 15.

Lakini kosa baya kuliko yote ni kukimbilia raddi wakati haipo. Tuseme huyu jamaa angekuwa na dada Muislamu, wa baba na mama au wa baba tu. Watu wanamruka, eti binti kamzuia. Hapana, dada akikutana na binti anageuka asaba, zile milioni 20 zote ni zake na hakuna cha kurudisha. Dada wa mama tu ndo anazuiwa na binti. Msimamizi wa mirathi anayepeleka orodha mahakamani bila kuuliza kama marehemu alikuwa na dada, wangapi na wa upande gani huyo mimi simuamini, hata awe mzee wa heshima vipi.

Na yule mjane anayeonewa huruma, sawa, binti akiwa mtu mzima achukue kwanza milioni 63 zake mkononi halafu ampe mamake anachotaka, hiyo ni zawadi. Akiwa bado mdogo hakuna wa kumtolea, si bibi, si msimamizi, wala huyo mama mwenyewe kwa maneno ya "mimi na mwanangu ni kitu kimoja".